Kwa Nini Chakula cha Shughuli Kilitiwa Sabuni

Watu humwita Mama Kipimo, na wanaomwita hivyo mbele yake ni wachache kuliko wanaomwita hivyo akishapita. Jina lilitokana na kile kijiti cha chuma chenye saa ndogo kichwani, cha kupimia joto la chakula, ambacho hakitoki katika mfuko wa aproni yake. Wapishi wengine wa shughuli hupima kwa kidole, au kwa kutazama mvuke, au kwa imani tu. Yeye huchomeka kijiti katikati ya wali, husubiri, husoma, hukifuta kwa spiriti, kisha hutaja namba kwa sauti hata kama hakuna aliyemuuliza. Mumewe alipopata homa mwaka ule wa mvua nyingi, alipelekewa uji kitandani, na mbele ya macho yake uji ukapimwa kwanza, mgonjwa baadaye. Mzee hajasahau.

Kazi alijifunzia kwenye jiko la hoteli moja, chini kabisa, mahali ambapo jua lilikuwa habari za watu wengine. Aliingia kumenya viazi, akatoka akiwa mpishi wa pili. Hoteli ilipofungwa aliondoka na sufuria kubwa mbili, kijiti chake, na tabia ya kutomwamini mtu yeyote anayesema chakula "bado kiko sawa". Siku hizi anapikia shughuli za watu: harusi, mahafali, vikao, siku za kuzaliwa. Jiko lake liko nyuma ya nyumba, chini ya paa la bati. Ana gari dogo la mizigo linalowaka likitaka, na ana wifi yake, dada wa mumewe, anayeosha vyombo na kusema yote yanayopita kichwani bila kuyapanga foleni.

Basi, mambo yenyewe yalianza Jumatatu. Mama Kipimo alikuwa anasugua trei, akaletewa ujumbe na fundi mwanafunzi kutoka duka la Bi Fundi. Msichana wa watu alisimama mlangoni kama aliyetumwa kuleta habari za msiba.

"Mama amesema umwandikie barua," alisema. "Useme kwa nini ulimwaga chakula chake. Anataka kwa maandishi, si kwa simu. Ataibandika ukutani dukani."

"Ukutani wapi?"

"Pale kwenye picha za magauni."

Wifi aliacha kusugua. Hata bomba lilionekana kupunguza maji. Haya, mtu asiyejua atauliza, ukuta ni ukuta, kuna nini? Lakini ukuta ule ni habari nyingine. Bi Fundi ndiye anayeshona magauni ya mabibi harusi mji mzima. Kila binti anayeolewa atasimama mbele ya zile picha akiwa ananyoosha mikono, apimwe kifua, apimwe kiuno, na wakati anapimwa atauliza, "Mama, chakula tumpe nani?" Na Bi Fundi, pini zikiwa mdomoni, atataja jina moja. Miaka yote hiyo jina lilikuwa la Mama Kipimo. Sasa mbele ya macho ya hao mabinti ingebandikwa barua inayoeleza namna alivyomwaga chakula cha watu. Isipoeleweka, kazi imekwisha, arudi kumenya viazi.

"Mwambie mama ataipata kesho," alisema Mama Kipimo, akaendelea kusugua trei ambayo ilikuwa safi tangu zamani.

Ilikuwa hivi. Wiki iliyotangulia Bi Fundi alitimiza miaka sabini, na akaamua kujifanyia sherehe ya mchana nyumbani kwake, ua mzima uwekwe meza. Lakini umri ulikuwa kisingizio. Sababu hasa ilikuwa mwanawe wa pekee, fundi wa mitambo ya meli, ambaye hakuwa amekanyaga nyumbani kwa miaka tisa. Meli yake ilikuwa inafanyiwa matengenezo nchi ya jirani, akaomba ruhusa, akapewa usiku mmoja. Mmoja tu! Atue mchana, alale, asubuhi aondoke. Bi Fundi alimshonea shati kwa kukisia, maana vipimo alivyokuwa navyo vilikuwa vya kijana mwembamba wa miaka tisa iliyopita, na kwenye simu alikataa kumwambia kama amenenepa.

Mama Kipimo alipikia watu mia: wali, kuku wa mchuzi, viazi, mboga, saladi. Pembeni akapika sufuria moja ndogo ya mwana, kuku na wali wake, ikabaki jikoni juu ya maji yanayochemka taratibu ili joto lisishuke. Hiyo ni desturi yake. Mgeni wa kusubiriwa hawekewi chakula mezani, anawekewa jikoni. Bi Fundi mwenyewe aliipenda sana desturi hiyo. Alikuja jikoni na mabaki ya kitambaa cha lile shati, cha mistari ya bluu, akafunga mfuniko kwa mkono wake, fundo la fundi, akasema, "Hii isiguswe na mtu." Kisha akaupapasa mfuniko kidogo kama kichwa cha mtoto.

Meza ilifunguliwa saa saba. Chakula kilitoka jikoni cha moto wa kuunguza, kikaingia kwenye trei zenye maji ya moto na vikopo vya moto chini yake. Mama Kipimo akapima, akataja namba, hakuna aliyejali. Watu wakala. Wakarudi wakala tena. Na kama kawaida ya watu, kila aliyepakua aliacha mfuniko wazi ili anayefuata asipate taabu, na anayefuata alisimama na kijiko hewani akisimulia habari za mtu mwingine.

Ndege ikachelewa. Simu ikaja kwamba haijaruka. Simu nyingine ikaja kwamba imeruka. Bi Fundi alikuwa anatembea kati ya geti na meza, kiatu kimoja kinambana na hataki kukiri.

Saa kumi Mama Kipimo alipima tena. Vikopo viwili vilikuwa vimezimika, upepo umeingia, wali umeshuka, kuku ameshuka, barafu chini ya saladi imekuwa maji. Akaenda kwa mwenye shughuli.

"Mama, shikamoo tena. Imebaki saa moja, hizi trei naziondoa."

"Uondoe uende nazo wapi? Mwanangu yuko njiani!"

"Cha mwanao kiko jikoni, mama. Hakina shida."

"Haya, haya," alisema Bi Fundi, macho yakiwa getini.

Mama Kipimo alitoka nje kwenye gari kutafuta barafu na vikopo vingine, na gari, kwa ukaidi wake, mlango ukagoma kufunguka. Ni wakati huo, yeye akiwa anapigana na kitasa, ndipo yale mengine yalipotokea. Aliyeyaona ni wifi peke yake.

Geti lilifunguka, lakini hakuwa mwana. Walikuwa wakuu wa shule tatu wanaomshonesha Bi Fundi sare za wanafunzi, wamekuja pamoja, wamevaa, wamebeba zawadi, na hawajala. Wakasogea mezani. Trei ya kuku ilikuwa imebaki mchuzi na mfupa mmoja uliokaa upande kama mgonjwa. Ya wali ilikuwa inaonyesha bati. Wanawake wenzangu mnajua, na wanaume waulizeni wake zenu: aibu ya mgeni kuona chini ya trei haina mfano. Bi Fundi aliingia jikoni mbiombio.

"Leteni kingine!"

"Kimekwisha, mama," alisema wifi. "Imebaki hiyo tu yenye kitambaa."

Bi Fundi aliitazama ile sufuria. Wifi anasema aliitazama muda mrefu, na wifi si mtu wa kupunguza wala kuongeza, isipokuwa kuongeza. Kisha akafungua fundo.

"Mwanangu si mgeni," alisema. "Atakula na wenzake hapo hapo mezani."

Akaibeba mwenyewe, akamimina yote juu ya yale mabaki, kuku juu ya kuku, wali juu ya wali, akakoroga. Sufuria ikarudi tupu. Wifi akaiosha, kwa sababu sufuria ikiwa chafu huoshwa, na nani atamzuia mwenye shughuli na chakula chake?

Mama Kipimo aliporudi na barafu, aliona trei zina chakula tena, akafurahi nusu dakika, kisha akaona kitambaa cha bluu kimelala kwenye sinki. Hakuuliza. Uso ulimshuka tu.

Saa kumi na moja ilipofika aliondoa trei. Hapo ndipo walipotokea watu wa vibakuli. Kila shughuli ina watu wa vibakuli, hawaalikwi wala hawakosi, na vibakuli vyao vinatoka mikobani vikiwa na mifuniko inayolingana, kitu ambacho nyumbani kwa watu wengine hakijawahi kuonekana. Shangazi mmoja alikuwa na saizi tatu. Mama Kipimo aliwaambia hapana. Wakacheka, wakidhani ni utani. Akatia chakula chote, pamoja na viazi, mboga na saladi iliyobaki, kwenye ndoo mbili, akachukua sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ya kijani, akamimina juu, akakoroga kwa mwiko.

Vibakuli vikarudi mikobani, kimoja kimoja.

Sabuni anaitia kwa sababu. Zamani alikuwa anamwaga tu pipani na kufunika, mpaka siku alipoona mlinzi wa jengo na mwenzake wamekifukua wanakula kwa raha zao. Chakula cha sabuni hakifukuliwi. Lakini sababu hiyo haikuandikwa kwenye ndoo, na watu waliona sabuni tu. Shangazi wa saizi tatu alishika kifua. Mtu akasema, "Loo! Huyu mwanamke ana roho gani?" Mama Kipimo alijikaza kisabuni, kama tunavyosema, akapakia vyombo, akaondoka, kwa kuwa trei zilikuwa za kukodi na mwenyewe alikuwa anazingojea.

Mwana alifika jua linazama. Ua umeshafagiliwa. Alikumbatiwa, akaliliwa, akavishwa shati likagoma kufunga vifungo viwili, watu wakacheka mpaka wakakohoa. Kisha akasema ana njaa, ndege iliwapa biskuti. Akapewa chai na mkate. Asubuhi yake, mguu mmoja ndani ya teksi, alimgeukia mama yake akamwambia kwa kucheka, "Miaka tisa, mama, na hata sahani moja hukuniwekea?"

Teksi ikaondoka. Utani ule ukabaki kifuani kwa Bi Fundi, ukawa si utani tena.

Sasa turudi kwenye barua. Jumatatu jioni Mama Kipimo alikaa mezani na karatasi, na kwa kuwa mumewe ni karani mstaafu wa mahakama, kabla hajaandika neno mzee alikuwa ameshavaa miwani.

"Barua ya namna hii ina utaratibu wake," alisema. "Anza: Kuhusu umwagaji wa chakula. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kisha, tarehe iliyotajwa, mimi, ambaye hapo baadaye nitaitwa Mpishi..."

"Kwani mpaka hapo baadaye nilikuwa nani?"

"Ndiyo lugha yake."

Wifi alikuwa anakunja nguo kitandani chumba cha pili, mlango wazi, sikio amelitega. "Mwandikie kifupi!" alipaza sauti. "Chakula cha mwanao ulikimwaga wewe mwenyewe kwenye trei, mimi shahidi. Sahihi. Kwisha!"

Mzee alivua miwani. Hilo hakuwa amelisikia. Aliposimuliwa, akagonga meza kwa kidole kama aliyepata ushahidi. "Basi kesi huna. Andika hivyo hivyo. Hataweza kuibandika. Nani atabandika aibu yake ukutani?"

Na kweli, alikuwa na haki. Sentensi moja ingemaliza kila kitu. Mama Kipimo aliijua, ilikuwa tayari mkononi, kalamu inaiwasha. Jina lake lingebaki safi, na Bi Fundi angenyamaza daima. Akilini alimwona Bi Fundi akipapasa ule mfuniko. Akamwona anafungua lile fundo.

"Nendeni mkalale," alisema. "Wote wawili."

Akaandika hivi:

"Mama yangu, shikamoo. Umeuliza kwa nini nilimwaga chakula, na una haki ya kuuliza, kilikuwa chako.

Chakula kikishapikwa watu wanadhani kimemalizana na hatari. Hapana. Kiko salama kikiwa cha moto kweli, digrii sitini kwenda juu, au cha baridi kweli, digrii tano kwenda chini. Hapo katikati, kwenye uvuguvugu, ndipo vijidudu vinapozaana, na vinazaana haraka. Havionekani. Havinuki. Chakula kinabaki kitamu vile vile, na ndiyo ubaya wake.

Vile vikopo vya moto chini ya trei havipiki. Vinashikilia joto lililokuja na chakula, basi. Mifuniko ikikaa wazi na upepo ukaingia, vinashindwa. Nilipopima saa kumi, wali na kuku vilikuwa chini ya hamsini. Vilishuka lini hasa, sijui, na kwa sababu sijui nahesabu tangu vilipotoka jikoni. Saa nne zikitimia, sibahatishi. Saladi nayo ilikuwa inaogelea kwenye maji ya barafu iliyokwisha.

Utasema tungekipasha moto. Kupasha kunaua vijidudu vingi, lakini kuna vingine vikishazaana vinaacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo hata uichemshe haitoki. Wali ndio mjanja zaidi, una mbegu za vijidudu ambazo hazifi hata ukipikwa, zinangoja uvuguvugu ziamke. Wewe ni fundi: kitambaa kilichokatwa vibaya hakinyooshwi kwa pasi.

Tena trei ya kujipakulia si sufuria ya nyumbani. Kijiko kimoja kimeshikwa na mikono mia, kimedondoka, kimerudishwa, watu wamekohoa juu yake. Ndiyo maana kinachobaki mezani hakifungashwi, hata kwa jirani, hata kwa mlinzi. Na sabuni niliitia ili asije mtu akakitoa ndooni. Nilipaswa kukueleza hilo mapema, tena si mbele ya wageni wako. Nisamehe."

Hapo akafika mahali pagumu. Aliandika, "Na chakula kipya kikimiminwa juu ya cha zamani," akasimama. Ukweli wa kazi ni kwamba kipya hicho nacho huhesabiwa ni cha zamani, kwa hiyo hakijaziwi, trei hubadilishwa nzima. Lakini mtu aliyemimina angesoma sentensi hiyo akajiona kama kwenye kioo. Mama Kipimo alichukua karatasi mpya, akanakili yote tangu mwanzo, akairuka. Mahali pake akaandika:

"Mwanao kukosa chakula ni uzembe wangu. Niliondoka kabla hajafika. Ningekaa, ningempikia hata mayai."

Akatia sahihi. Alilala vibaya.

Kesho yake aliipeleka mwenyewe. Duka la Bi Fundi ni chumba kirefu chenye cherehani nne, meza ya kukatia, kioo cha mwili mzima, na ule ukuta. Bi Fundi alimwambia msichana wake aende akanunue uzi. Uzi ulikuwa umejaa rafu mbili, msichana akaangalia rafu, akaangalia sura ya mama, akatoka.

Bi Fundi alivaa miwani akasoma akiwa amesimama. Alisoma taratibu, midomo inatembea. Alipofika kwenye pasi alisema "mh". Alipofika mwisho akarudi juu, akasoma tena. Kisha akageuza karatasi kuangalia kama nyuma kuna maneno.

"Na sufuria?" aliuliza.

"Sufuria gani, mama?"

"Usinifanye mtoto. Sufuria yenye kitambaa."

Mama Kipimo alitazama cherehani iliyo karibu, akasoma jina lake lote na nchi ilikotengenezwa.

"Niliona si lazima," alisema.

"Si lazima!" Bi Fundi alikaa kwenye kiti, karatasi mapajani. "Mimi nimekaa tangu jana nangojea uniseme. Nilijua utanisema. Ningekuwa wewe ningenisema mstari wa kwanza! Nimeisoma mara mbili naitafuta hiyo sentensi, hamna. Unajua nilimwambia nini mwanangu? Alipouliza chakula, nilimwambia mpishi amemwaga. Basi. Nikaishia hapo. Mtu nimemwona usiku mmoja kwa miaka tisa, na huo usiku mmoja nimemdanganya."

"Hukudanganya, mama. Nilimwaga kweli."

"Wewe nawe! Unanipimia maneno kwa kijiti?"

Nje mtu alikuwa anapiga honi bila sababu ya maana.

"Nampigia kila siku nimwambie," alisema Bi Fundi, sauti imeshuka. "Nikisikia 'mama', naanza kuuliza hali ya hewa. Nimeshajua hali ya hewa ya bahari zote. Ndiyo maana nikataka barua. Nilijua wewe hufichi maneno, utaandika, mimi nitampelekea, asome, nisiwe nimesema mimi." Akafuta pua kwa kipande cha bitana. "Halafu unaniletea heshima. Nani alikuomba heshima? Chukua kalamu."

Mama Kipimo alichukua kalamu. Akaegemea meza ya kukatia, kati ya chaki na mkasi, chini ya sahihi yake mwenyewe, akaandika kama alivyoambiwa, neno kwa neno:

"Mwana alikuwa ametengewa sufuria yake jikoni. Mama yake alimfungia kwa kitambaa cha shati lake. Wageni walipochelewa, mama yake aliona aibu trei kuwa tupu, akaimimina mezani."

"Ongeza ile ya kazi," alisema Bi Fundi. "Lazima kuna ya kazi."

Akaongeza: "Chakula kipya kikimiminwa juu ya cha zamani, nacho huwa cha zamani. Ndiyo sababu nacho kilimwagwa."

"Hapo sawa."

Bi Fundi aliitandaza barua mezani, akailainisha kwa kiganja kama kitambaa, akaipiga picha kwa simu. Ya kwanza ikatoka imepiga kidole. Ya pili ikakubali. Akaituma. Kisha akachukua pini nne, akaibandika ukutani, kati ya gauni la mikono mirefu na gauni lisilo na mikono, barua nzima, pamoja na aibu yake. Mzee wa Mama Kipimo, karani wa mahakama, alikuwa amekosea.

Walikunywa chai. Wakaongea bei ya kuku. Kikombe cha pili kilikuwa nusu simu ilipolia mlio wa ujumbe. Bi Fundi aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali tena, kisha akampa Mama Kipimo.

"Nisomee. Miwani hii haifai."

Miwani ilikuwa inafaa. Mama Kipimo alisoma. Yalikuwa maneno matatu tu, akayasoma kwa sauti ile ile anayotajia joto la wali:

"Kumbe nilitengewa, mama."

Bi Fundi aliitikia kwa kichwa. Akaitikia tena. Aliinuka akakaa kwenye cherehani yake, akakata uzi, akajaribu kuuingiza kwenye sindano, ukapita pembeni, akajaribu tena, ukapita pembeni. Mama Kipimo alienda akaulamba ncha, akauingiza, akavuta ukatokea upande wa pili.

"Anasema atapita tena mwezi wa kumi na mbili," alisema Bi Fundi, ingawa ujumbe haukusema hivyo. "Utanipikia."

"Watu wangapi, mama?"

"Mmoja. Na usiwashe jiko mpaka nimwone getini."

Mama Kipimo alitoa kalamu akaandika kwenye kiganja chake: mmoja. Mlango ukafunguka, msichana akaingia na uzi, nyuma yake bibi harusi mtarajiwa na mama yake, wamekuja kupimwa. Binti akasimama mbele ya picha za magauni, akanyoosha mikono, na kabla tepu haijafika kiunoni alikuwa ameshaanza kusoma.